Mashahidi Watatu wa Alabama

Mwaka 1992 Marekani ilitoa filamu mbili kubwa za mahakamani. Katika ya kwanza, A Few Good Men, mwanasheria kijana wa jeshi la wanamaji anamchokoza kanali aliyeketi kizimbani mpaka kanali anashindwa kujizuia na kukiri mbele ya watu wote amri aliyoitoa. Watazamaji wanaikumbuka mpaka leo. Ya pili, My Cousin Vinny, ni ya kuchekesha, na shujaa wake ni wakili wa New York mwenye koti la ngozi aliyefaulu mtihani wa uwakili mara ya sita. Lakini ukimuuliza wakili aliyezoea kudodosa mashahidi ni ipi kati ya hizo mbili inayofanana na kazi yake, mara nyingi atakutajia ya pili. Walimu wa sheria Marekani huitumia darasani. Mwongozaji wake, Jonathan Lynn, alisoma sheria Chuo Kikuu cha Cambridge kabla ya kuingia kwenye sanaa, na elimu hiyo inaonekana katika filamu yote.

Nataka kueleza kwa nini mawakili wana haki ya kuipenda, na pia mahali ambapo hata filamu hii imekata kona. Nitakaa zaidi kwenye mashahidi watatu wa macho, maana hapo ndipo penye ufundi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Vijana wawili wanafunzi, Bill na Stan, wanapita Alabama kwa gari la kijani lisilo na paa, Buick Skylark la mwaka 1964. Wanasimama dukani kununua vitu. Bill anatia mfukoni kopo la samaki na kusahau kulilipia. Wakishaondoka, mwuza duka anapigwa risasi na kufa. Polisi wanawakamata, nao wanadhani wamekamatwa kwa ajili ya kopo la samaki. Wanashtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Hawana fedha ya wakili, hivyo anaitwa binamu yake Bill, Vinny Gambini, ambaye hajawahi kusimamia kesi hata moja.

Upande wa mashtaka una mashahidi watatu walioona vijana wawili na gari la kijani. Hapa filamu inafanya uamuzi wa kwanza wa busara: hakuna hata mmoja kati yao anayesema uongo. Ni majirani wema, wanaeleza walichoona kadiri wanavyokumbuka, na sehemu kubwa ya wanachosema ni kweli, kwa sababu Bill na Stan walikuwapo dukani. Katika tamthilia nyingi wakili humvua shahidi uongo wake na ukumbi ukashangilia. Katika mahakama halisi adui mkubwa wa mshtakiwa asiye na hatia ni shahidi mwaminifu aliyekosea. Huwezi kumkaripia, maana atakayechukiwa ni wewe. Lazima umshike mkono na kutembea naye polepole mpaka yeye mwenyewe aone kwamba ushahidi wake haufiki pale alipodhani unafika.

Shahidi wa kwanza anayedodoswa na Vinny ni Bwana Tipton. Amesema aliwaona vijana wakiingia dukani alipokuwa anaanza kupika chakula cha asubuhi, na alisikia mlio wa risasi alipokuwa karibu kuanza kula. Muda uliopita kati ya mambo hayo mawili anaukadiria kuwa dakika 5. Vinny hamwambii kuwa amekosea. Anamuuliza alikula nini. Mayai na uji mzito wa chenga za mahindi, chakula cha kawaida cha asubuhi cha watu wa Kusini mwa Marekani. Anamuuliza anaupendaje, mwepesi, mzito au wa kawaida. Wa kawaida. Kisha anamuuliza kama anatumia ule wa kuchanganya na maji moto ukawa tayari mara moja. Bwana Tipton anajibu kwa fahari kwamba hakuna mtu wa Kusini anayejiheshimu atakayetumia kitu hicho.

Baada ya jibu hilo, hana tena pa kutokea. Vinny alishamwona mpishi wa mgahawa akiupika uji huo, na anajua unachukua dakika 20. Sasa ndipo anauliza: iweje uji unaowachukua watu wote dakika 20 umchukue yeye dakika 5? Ukitazama mpangilio wa maswali utauona ufundi. Angeanza na swali la dakika, shahidi angekuwa na njia tatu za kujinasua: kwamba siku hiyo aliupika mwepesi, kwamba alitumia ule wa haraka, au kwamba hakukumbuka vizuri alikuwa anapika nini. Vinny alizifunga njia hizo moja moja, kwa maswali ambayo shahidi hakuyaona kuwa na madhara, na swali lenye makali akaliweka mwisho. Huo ndio udodosaji wa darasani. Kila swali lina jambo moja tu, jibu lake ni ndiyo au hapana au neno fupi, na wakili analijua jibu kabla ya kuuliza.

Filamu inatuonesha pia mtu asiyelijua jibu. Wakili aliyewekwa na serikali kumtetea Stan anamkabili shahidi kwa kishindo, anamuuliza kama alikuwa amevaa miwani siku ile, anapata jibu la hapana, na anaanza kushangilia. Shahidi anamwambia kwa upole kuwa ile miwani ni ya kusomea. Basi, amekwisha. Watazamaji wanacheka, lakini kila wakili anayeitazama sehemu hiyo anahisi baridi tumboni, kwa sababu kosa hilo hutokea mahakamani kila siku: swali lililoulizwa kwa matumaini.

Shahidi anayefuata, Bwana Crane, aliwaona vijana kupitia dirisha lake. Vinny anampa picha na kumwomba ataje kilichomo. Vumbi kwenye kioo. Kutu kwenye wavu wa dirisha. Miti iliyojaa majani. Vichaka, na hapo wanavihesabu pamoja mpaka vinafika saba. Wakili haongezi kitu cha kwake. Kila kikwazo kinatajwa na shahidi kwa mdomo wake, na kila kinachotajwa kinaingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Mwishoni Vinny anauliza kama inawezekana aliona vijana wawili tu ndani ya gari la kijani, si lazima wawe hawa wawili waliokaa pale. Crane anakubali kuwa inawezekana.

Kisha Bi Riley, mama mzee mwenye miwani minene. Anasema aliwaona kwa umbali wa kama futi 100, yaani mita 30 hivi. Vinny anachukua futi kamba, anarudi nyuma mpaka futi 50, nusu ya umbali huo, anainua vidole viwili na kumuuliza ni vingapi. Jaji anataka iandikwe kwamba wakili ameinua vidole viwili, na Vinny anamsihi asimharibie. Bi Riley anasema ni vinne. Vinny anamuuliza kwa sauti ya mjukuu anaonaje sasa, naye anajibu kuwa anafikiria kutafuta miwani minene zaidi.

Muda, vizuizi, umbali. Msomaji aliyewahi kushika vitabu vya sheria vya Tanzania atakuwa ameshaanza kutikisa kichwa. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ikaorodhesha mambo ya kuangaliwa: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mazingira gani, kama ilikuwa mchana au usiku na mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa amewahi kumwona kabla. Mpaka leo kesi hiyo hutajwa katika hukumu za wizi wa kutumia silaha na mauaji nchini, hasa yale yaliyotokea usiku ambapo mwanga pekee ulikuwa wa koroboi au tochi. Mwandishi wa filamu ya Alabama hakuwa na habari na Waziri Amani. Alifika palepale kwa sababu Alabama, Dodoma na Nairobi zote zimerithi namna ya Kiingereza ya kuhoji shahidi, na kwa sababu macho ya binadamu hudanganya kwa njia zilezile popote alipo.

Kinachonifanya niirudie filamu hii ni jinsi maswali yote yanavyoelekea mahali pamoja. Vinny anaamini kulikuwa na gari jingine linalofanana na lile, na vijana wengine wawili. Kwa hiyo kutoka kwa Tipton anahitaji dakika za kutosha ili gari la kwanza liwe limeondoka na la pili limefika. Kutoka kwa Crane na Bi Riley anahitaji sura zisizo na uhakika, ili vijana wale waweze kuwa wengine. Hahitaji zaidi ya hapo, na haombi zaidi. Wakili asiye na simulizi yake ya kesi humdodosa shahidi kuhusu kila kitu na kuondoka na punje punje zisizoungana. Vinny anauliza dakika chache na kuketi.

Sasa tuje kwenye yaliyokatwa, na la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Wakili wa utetezi akimaliza kudodosa, mahakama halisi haimruhusu shahidi ashuke hivihivi. Aliyemleta anayo haki ya kusimama tena na kumuuliza ili kuyaweka sawa yaliyopindishwa. Katika filamu mwendesha mashtaka, Jim Trotter, anabaki ameduwaa kitini. Trotter wa kweli angesimama mara moja. Angemuuliza Bwana Tipton: tuachane na dakika, je, kati ya vijana kuingia na risasi kulia, uliona gari jingine likifika? Angemuuliza Bwana Crane kama dirisha lake lilikuwa na vumbi lilelile siku ya tukio, maana picha ilipigwa baadaye. Angemuuliza Bi Riley kama rangi na umbo la gari aliviona vizuri, hata kama sura hakuziona. Majibu yangeirudisha sehemu ya nguvu ya ushahidi. Ndiyo sababu katika kesi za kweli shahidi ni nadra kuanguka kabisa. Hubaki amejeruhiwa kidogo, na wakili hukusanya majeraha hayo madogo na kuyaeleza katika hoja za mwisho. Filamu haina hoja za mwisho za mawakili, wala hatuoni raia 12 wa juri wakijifungia chumbani kubishana. Mashahidi wameanguka wenyewe hadharani, basi hakuna kilichobaki cha kubishaniwa.

La pili ni muda. Kesi ya mauaji yenye adhabu ya kifo, Marekani au kwetu, huchukua miezi mingi na mara nyingi miaka kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Vinny anafika, vijana wanasomewa mashtaka, kesi inasikilizwa na kumalizika katika siku chache. Kuchagua juri, kazi ambayo katika kesi ya aina hiyo inaweza kula wiki nzima, kunapita kwa dakika kadhaa. Hili silihesabu kuwa kosa. Hakuna mtazamaji atakayekaa kuangalia kesi ikiahirishwa kwa sababu shahidi hakupata nauli. Ila ajue kwamba kuchelewa huko kuna athari kwenye ushahidi wenyewe: Tipton wa kweli angeulizwa kuhusu uji alioupika mwaka mmoja au miwili nyuma, na jibu lake la kwanza lingekuwa kwamba hakumbuki.

La tatu nalo lilinisumbua sana. Kesi ikielekea ukingoni, Trotter anamleta mtaalamu wa magari na alama za matairi kutoka shirika la upelelezi la taifa, mtu ambaye utetezi haukuwahi kuambiwa habari zake. Vinny anasimama na kutoa pingamizi zuri sana. Anasema utetezi una haki ya kujulishwa mapema mashahidi wote, hasa wa kisayansi, ili upate kuzisoma ripoti zao na kuzipeleka kwa mtaalamu wake. Jaji Haller anamsifu, anasema pingamizi hilo lina mantiki na limefikiriwa vizuri, kisha analitupilia mbali. Ni sehemu ya kuchekesha, lakini kisheria jaji amekosea, na mshtakiwa akihukumiwa baada ya uamuzi huo wakili wake anakuwa na sababu nzito ya rufaa. Jaji makini angeahirisha kesi kwa siku kadhaa ili utetezi ujiandae. Nchini Kenya jambo hili limeandikwa ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 50: mshtakiwa ana haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea. Kabla ya pingamizi la Vinny filamu imelieleza somo hilo kwa uzuri zaidi. Vinny anakwenda porini kuwinda na Trotter akitumaini kumlaghai ampe majalada ya kesi. Trotter anampa nakala bila kinyongo, na mchumba wake Vinny, Lisa, aliyekuwa anasoma kitabu cha taratibu, anamweleza kwamba yule alilazimika kumpa tangu mwanzo.

Lisa huyohuyo ndiye anayepanda kizimbani mwishoni kama mtaalamu wa utetezi. Elimu yake ni gereji ya baba yake. Hakusomea uhandisi popote. Trotter anapinga kwamba mwanamke huyu hawezi kuitwa mtaalamu, na anaruhusiwa kumpima kwanza kwa maswali. Hatua hii ipo kweli: kabla maoni ya mtaalamu hayajapokewa, upande wa pili unaweza kuuhoji ujuzi wake. Trotter anamuuliza taimingi sahihi ya Chevrolet Bel Air ya 1955 yenye injini ya inchi za ujazo 327. Lisa anamwambia swali hilo halina jibu, kwa kuwa injini hiyo haikutoka mpaka 1962. Kisha anamweleza taimingi ya gari la mwaka ambao injini hiyo iliwekwa kweli. Trotter anakubali mwenyewe kwamba huyu ni mtaalamu.

Watu wengi hudhani hapo filamu imetia chumvi. Haikutia. Kanuni ya ushahidi ya mahakama za shirikisho za Marekani, namba 702, inahesabu uzoefu na ustadi sawasawa na elimu ya darasani, na sheria ya ushahidi ya Tanzania nayo inataja ujuzi maalumu, ustadi, uzoefu au mafunzo. Fundi wa gereji ya Gerezani au Gikomba aliyefungua difu kwa miaka mingi anaweza kutoa maoni ya kitaalamu kuhusu difu, mradi aulizwe kwa utaratibu na aeleze amejuaje. Na Lisa anaeleza. Anaitazama picha ya alama za matairi nje ya duka. Gurudumu la upande mmoja lilipanda ukingo wa barabara huku la upande mwingine likibaki chini, na bado alama zote mbili zimelala bapa. Kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalipanda na kushuka kila moja peke yake, jambo lisilowezekana kwenye ekseli moja iliyonyooka ya Skylark la 1964. Alama mbili zina nguvu sawa, kwa hiyo difu iligawa nguvu kwa magurudumu yote mawili. Gari lenye sifa hizo zote, lenye ukubwa uleule na rangi ileile, ni Pontiac Tempest la 1963. Ametoka kwenye kitu kilichoonekana, akapita kwenye sababu, akafika kwenye hitimisho, na kila hatua mtu wa kawaida ameielewa. Majaji husoma ripoti nyingi za wataalamu wenye shahada zisizofikia uwazi huo.

Kuna jambo dogo linalopita haraka, nami ningependa msomaji alitafute. Bill alipohojiwa na sherifu na kugundua kuwa kesi ni ya mauaji, alishangaa na kuuliza kwa mshtuko: mimi nilimpiga risasi mwuza duka? Sherifu anayasoma maneno hayo mahakamani kwa sauti ya kawaida, bila alama ya kuuliza, nayo yanageuka kuwa kukiri kosa. Hapa filamu haikurahisisha chochote. Maelezo ya onyo yaliyoandikwa na askari hayabebi sauti ya aliyesema. Hata ushahidi wa mahakamani hupotelewa: sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Tanzania inataka, kwa kawaida, ushahidi katika mahakama za chini uandikwe kama simulizi mfululizo, bila kuandika swali na jibu lake. Udodosaji wa uji wa Tipton ungeandikwa pengine kwa mstari mmoja, kwamba shahidi amekubali huenda alikosea muda. Majaji wa rufaa wangeusoma mstari huo bila kujua alifikishwaje hapo.

Kwa jumla naipa filamu hii alama za juu kwa ufundi wa maswali na kwa ushahidi wa mtaalamu, na alama za chini kwa mwendo wa kesi. Wanaofundisha sheria Mlimani, Nairobi na Makerere waioneshe darasani mpaka Bwana Tipton aseme huenda amekosea, wasimamishe picha hapo, na kila mwanafunzi aandike maswali mawili ambayo Jim Trotter alipaswa kusimama na kumuuliza.